Faili kubwa linapogandisha kompyuta: Amri tatu za kulisoma kwa sehemu

PROGRAMU ya kuhariri maandishi inapoganda baada ya kufunguliwa faili lenye gigabaiti 6, kwa kawaida kosa haliko kwenye faili. Programu nyingi za aina hiyo hupakia faili zima katika memori kabla ya kuonyesha hata ukurasa mmoja, na memori ikijaa, mashine huzidiwa.

Amri za head, tail na less, zilizomo katika mifumo ya Linux na kompyuta za Mac, hazifanyi hivyo. Husoma sehemu inayohitajika tu.

Chukulia mfano wa mhasibu aliyepokea mauzo.csv, yenye mauzo ya mwaka mzima wa 2024. Excel si suluhisho, kwani ukurasa wake mmoja hauchukui zaidi ya mistari 1,048,576. Inayozidi huachwa, na mhasibu akihifadhi upya kwa jina lile lile, huipoteza kabisa.

Hatua ya kwanza ni kutazama mwanzo na mwisho wa faili:

```
head -n 1 mauzo.csv
tail -n 3 mauzo.csv
```

Bila kutajiwa idadi, kila amri huonyesha mistari 10. Katika mfano huu, majibu ni haya:

```
tarehe,tawi,kiasi
2024-11-30,Mwanza,45000
2024-11-30,Tanga,18500
2024-11-30,Moro
```

Mstari wa mwisho umekatika katikati ya neno, na mauzo ya Desemba hayapo. Faili halikupokewa lote, hivyo jumla yoyote itakayopigwa itakuwa pungufu. Dawa ni kuomba litumwe tena.

Faili kamili likifika, hupekuliwa kwa less:

```
less -S mauzo.csv
```

Alama ya -S huzuia mistari mirefu isijikunje, na mishale ya kibodi humpeleka msomaji kulia na kushoto. Kitufe cha nafasi husogeza mbele ukurasa mmoja, b hurudisha nyuma, G hupeleka mwishoni na q hufunga. Akiandika /Tanga, ataletewa mahali neno hilo linapotokea, na n humpeleka panapofuata. Ujumbe "Calculating line numbers" ukikawia, Ctrl-C husitisha hesabu hiyo. Kitufe cha kuepukwa ni v, kwani hufungua faili katika programu ya kuhariri, na tatizo hurudi pale pale.

Yapo mafaili makubwa ambayo yote ni mstari mmoja. Kwa hayo, head -n 1 humwaga faili zima kwenye skrini. Njia salama ni kuhesabu baiti badala ya mistari:

```
head -c 1000 mauzo.csv
```

Kwa faili la matukio ya seva, ambalo huongezeka kila dakika, tail -F huonyesha mistari mipya inapoingia, hata seva ikianzisha faili jipya kwa jina lile lile. Ctrl-C huikomesha.