Uhalisi na Uhai wa Hukumu: Kesi ya Mtikila na Uthibitishaji wa Kesi Kabla ya Kuitegemea, 1993–2013

Utangulizi

Mwandishi anayechunguza historia ya mfumo wa vyama vingi Tanzania hawezi kuikwepa kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, inayorejelewa kama [1995] TLR 31. Urejeleo huo ni wa kweli. Kesi ilisikilizwa, hukumu ilichapishwa katika ripoti za sheria za nchi, na ndani yake Mahakama Kuu ilitamka kwamba ni halali kwa raia kugombea urais, ubunge au udiwani bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Hata hivyo, anayeitaja kesi hiyo kuwa ushahidi kwamba sheria ya Tanzania inamruhusu mgombea binafsi atakuwa ameegemea ukuta uliokwisha kubomolewa. Zaidi ya hayo, hakuna mahakama iliyoubomoa katika rufaa dhidi ya hukumu hiyo. Ulibomolewa na Bunge.

Insha hii inaifuatilia kesi hiyo tangu ilipofunguliwa mwaka 1993 hadi uamuzi wa Mahakama ya Afrika wa mwaka 2013. Hoja yake ni kwamba uhalisi wa kesi na uhai wake ni maswali mawili tofauti, na kwamba swali la uhai halijibiwi kwa kutafuta tu kama mahakama ya juu imeitengua hukumu. Mtafiti hana budi kuifuatilia pia ibara ya sheria ambayo hukumu ilisimama juu yake.

Uhalisi: kesi ipi, na ya lini

Mwaka ulioandikwa katika mabano ya urejeleo ni mwaka wa juzuu la ripoti. Si lazima uwe mwaka wa hukumu. Katika kesi hii tofauti hiyo ni ya msingi. Hukumu ilitolewa tarehe 24 Oktoba 1994, lakini imo katika juzuu la 1995. Msomaji asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba Mahakama iliamua baada ya marekebisho ya Katiba yaliyoanza kuwa sheria Januari 1995, na kwa hiyo kwamba hukumu iliyashinda marekebisho hayo. Ukweli ni kinyume chake: hukumu ilitangulia, marekebisho yakafuata.

Kwa sababu hiyo, namba ya ukurasa peke yake haitoshi. Utambulisho kamili wa hukumu unapatikana katika namba yake ya masjala, mahakama iliyoitoa, jaji na tarehe. Hii ni Kesi ya Madai Na. 5 ya 1993, Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, mbele ya Jaji Lugakingira. Mambo hayo manne yanapatikana katika nakala ya hukumu yenyewe, na mtafiti anapaswa kuyalinganisha na yale aliyoyakuta katika kitabu au tasnifu iliyomwongoza kwenye kesi. Iwapo moja halilingani, ama mwandishi wa awali alikosea, ama anazungumzia kesi nyingine.

Uwezekano huo wa pili ni mkubwa, kwa kuwa Mtikila alirudi mahakamani kuhusu suala lilelile. Kesi ya pili ni Shauri la Madai Mchanganyiko Na. 10 la 2005, lililoamuliwa na Mahakama Kuu, Dar es Salaam, tarehe 5 Mei 2006. Wadaawa ni walewale, suala ni lilelile na matokeo yanafanana. Ipo alama moja inayozitenganisha hata pale mwandishi aliposahau kutaja mwaka, nayo ni idadi ya majaji. Kesi ya kwanza iliamuliwa na jaji mmoja. Baadaye Sheria Na. 33 ya 1994, inayosimamia utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, iliweka sharti kwamba mashauri ya aina hiyo yasikilizwe na majaji watatu, na ndivyo lilivyosikilizwa shauri la 2005. Basi mtafiti akisoma kwamba "majaji" wa mwaka 1994 walisema jambo fulani, anapaswa kusita na kurudi kwenye nakala zote mbili.

Tahadhari nyingine inahusu muhtasari unaotangulia hukumu katika ripoti. Muhtasari huo huandaliwa na mhariri, si jaji. Unasaidia kuonyesha mahali pa kutazama, lakini maneno yake hayawezi kunukuliwa kama maneno ya mahakama.

Hukumu ya 1994 na jibu la Bunge

Marekebisho ya Nane ya Katiba, ya mwaka 1992, yalifungua mlango wa vyama vingi, na papo hapo yakaweka sharti kwamba mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Sharti hilo limo katika ibara za 39 na 67. Kwa upande mwingine, ibara ya 21(1) ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na ibara ya 20(4) ilikataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Jaji Lugakingira alizisoma ibara hizo kwa pamoja, na palipokuwa na mvutano akaegemea tafsiri inayoilinda haki. Hivyo hukumu yake ilisimama juu ya maneno ya ibara ya 21(1) kama yalivyokuwa Oktoba 1994.

Tarehe 16 Oktoba 1994, siku nane kabla ya hukumu kusomwa, Serikali ilikuwa imekwisha kuwasilisha bungeni muswada wa kubadili Katiba. Bunge liliupitisha tarehe 2 Desemba, na Rais akauridhia tarehe 17 Januari 1995. Sheria hiyo, yaani Marekebisho ya Kumi na Moja, iliifanya haki iliyo katika ibara ya 21(1) itegemee masharti ya ibara za 39, 47 na 67. Mvutano ambao Jaji aliutatua kwa kuipendelea haki sasa ulikuwa umetatuliwa na Katiba yenyewe kwa kulipendelea sharti la chama.

Hapa ndipo mtafiti hupotea. Akitafuta hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyoitengua [1995] TLR 31, hataipata, na anaweza kuhitimisha kwamba kesi bado ni hai. Namba ya sheria nayo inapotosha: ni Sheria Na. 34 ya 1994, ingawa iliridhiwa mwaka 1995. Njia ya kuligundua badiliko ni kuichukua kila ibara ambayo hukumu inaitegemea, kuisoma katika toleo la Katiba linalotumika leo, na kuilinganisha neno kwa neno na ilivyonukuliwa na jaji. Maneno yakitofautiana, itafutwe sheria iliyoyabadili na tarehe yake. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya nakala mbili na uvumilivu.

Ikumbukwe pia kwamba hukumu moja huweza kubeba hoja kadhaa zenye hatima tofauti. Katika hukumu hiyohiyo, Jaji aliona kuwa sharti la kuomba kibali cha kufanya mkutano wa hadhara liliinyima Katiba nguvu. Baadaye sheria ilibadilishwa, na kibali kikageuzwa kuwa taarifa kwa polisi. Katika hoja hiyo Bunge lilielekea upande wa hukumu. Katika hoja ya mgombea binafsi lilielekea kinyume nayo. Kwa hiyo kusema kwamba "kesi ya Mtikila imepitwa na wakati" ni kosa sawa na kusema kwamba bado ni sheria. Swali sahihi huulizwa kwa kila hoja peke yake.

Kutoka 2006 hadi 2013

Katika shauri la 2005, kilichopingwa kilikuwa ni marekebisho yenyewe. Majaji watatu waliona kwamba yanakiuka haki za msingi zilizo katika Katiba. Wakatamka kuwa ni halali kwa wagombea binafsi kuwania urais na ubunge, na wakaelekeza uwekwe utaratibu wa kisheria wa kuwasimamia. Kwa muda, msimamo wa 1994 ulionekana kufufuka.

Mwanasheria Mkuu alikata rufaa. Katika Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2009, iliyoamuliwa tarehe 17 Juni 2010 na majaji saba, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilishikilia kwamba mahakama haina mamlaka ya kuibatilisha ibara ya Katiba, na kwamba suala la wagombea binafsi ni la kisiasa linalopaswa kuamuliwa na Bunge. Mtafiti azingatie kwamba katika rufaa majina hugeuka: kesi inaitwa Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mtikila. Anayetafuta kwa jina la Mtikila likiwa mwanzoni tu anaweza kuikosa hukumu iliyo na uzito kuliko zote za ndani ya nchi.

Suala likafika Arusha. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika maombi Na. 009/2011 na 011/2011 yaliyounganishwa, iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza ichukue hatua za kikatiba na kisheria kuurekebisha ukiukaji huo. Uamuzi huo unaibana Tanzania katika sheria ya kimataifa. Hata hivyo haukufuta maneno ya ibara za 39 na 67, wala haukuigeuza hukumu ya 2010 kuwa si hukumu ndani ya nchi. Mpaka uchaguzi mkuu wa 2025, mgombea binafsi hakuwa na nafasi katika karatasi ya kura.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa jibu la swali "je, kesi ni hai?" hutegemea kesi inatumika kuthibitisha nini. Kwa mwanahistoria anayeeleza jinsi mahakama zilivyoipokea hati ya haki katika miaka ya mwanzo ya vyama vingi, hukumu ya 1994 ni ushahidi halali na wa thamani. Kwa anayeeleza sheria ya uchaguzi ilivyo, hukumu hiyo haiwezi kusimama peke yake.

Njia ya kutimiza yote mawili ni kuandika urejeleo pamoja na historia yake, kwa mfano hivi: Mahakama Kuu ilimruhusu mgombea binafsi mwaka 1994 (Kesi ya Madai Na. 5 ya 1993, [1995] TLR 31); msingi wa uamuzi huo uliondolewa na Sheria Na. 34 ya 1994, uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2006 uliofanana nao ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2010 (Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2009), nayo Mahakama ya Afrika ikaona ukiukaji mwaka 2013. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini mtahini anayeisoma anaweza kukikagua kila kiungo chake, na hakuna hata kimoja kinachodai zaidi ya kilichoamuliwa.