Kutoka utepe wa sumaku hadi `sed`: jinsi ya kubadilisha mstari mmoja katika faili kubwa

Tukisema kwamba tumebadilisha mstari mmoja ndani ya faili, tunafikiria faili kama daftari: unafuta neno, unaandika jingine mahali pale pale. Katika insha hii ninaonyesha kwamba historia ya kazi hiyo ni tofauti. Tangu zama za utepe wa sumaku hadi leo, faili kubwa halirekebishwi ndani yake. Linasomwa la zamani huku likiandikwa jipya.

Kompyuta ya UNIVAC I, iliyokabidhiwa kwa mnunuzi wake wa kwanza mwaka 1951, ilihifadhi taarifa kwenye utepe wa sumaku. Katika kazi za utepe, aliyetaka kusahihisha rekodi moja alifunga utepe wa zamani upande mmoja na utepe mtupu upande wa pili. Kompyuta ilisoma rekodi moja moja, ikanakili kila isiyohusika, na ilipofika kwenye rekodi yenye kosa ikaandika sahihi badala yake. Utepe wa zamani uliwekwa kando kama akiba.

Diski zilipoenea, tatizo lilirudi kwa sura nyingine. Katika maabara ya Bell huko Marekani, mtafiti Lee McMahon alitaka kuchunguza insha 85 za kisiasa za miaka ya 1787 na 1788, ili kujua ni nani aliyeandika zile zilizobishaniwa. Brian Kernighan, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, amesimulia kwamba maandishi hayo yalikuwa makubwa mno kwa kihariri `ed`. Ken Thompson akaitoa ndani ya `ed` amri ya kutafuta, ikawa programu ya kujitegemea, `grep`. McMahon aliona kwamba amri nyingine zingehitajika vivyo hivyo, na kati ya 1973 na 1974 akaandika `sed`. Programu hii husoma mstari mmoja, hutekeleza amri, huutoa mstari, kisha huchukua unaofuata. Kwa hiyo kumbukumbu ya kompyuta haihitaji kubeba faili zima.

Tuchukue mfano. Faili la matukio lina mistari milioni 60, kila mmoja una wastani wa baiti 200, yaani jumla ya gigabaiti 12. Katika mstari wa 48,000,000 kiasi kimeandikwa 1500 badala ya 15000.

```
sed '48000000s/kiasi=1500/kiasi=15000/' matukio.log > mpya.log
```

Kwa nini tusiandike juu ya mstari ule ule? Kwa sababu tumeongeza baiti moja, na katika faili baiti zimepangwa bila nafasi kati yake. Mistari milioni 12 inayofuata, takriban gigabaiti 2.4, lazima yote isogee hatua moja. Kama sahihisho lingekuwa na urefu ule ule, kwa mfano 1800, ingewezekana kuandika juu ya baiti hizo nne peke yake.

Kabla ya kulitupa faili la zamani, ninapendekeza vipimo vitatu. `wc -l` itoe idadi ile ile ya mistari kwa mafaili yote mawili. `wc -c` ionyeshe kwamba jipya limezidi kwa baiti moja kamili. `cmp` ionyeshe kwamba tofauti ya kwanza iko kwenye mstari wa 48,000,000, si kabla yake. Hapo ndipo `mv` hulipa faili jipya jina la zamani. Ukielekeza matokeo moja kwa moja kwenye `matukio.log`, mfumo hulifuta lote kabla `sed` haijaanza kusoma.

Chaguo `-i` la `sed` huonekana kana kwamba linarekebisha papo hapo, lakini nalo huandika faili la muda na kulibadilisha jina mwishoni. Hivyo diski lazima iwe na nafasi ya mafaili mawili. Hatari kubwa zaidi ni pale programu nyingine inapoendelea kuandika matukio: yenyewe bado imeshika faili la zamani, ambalo sasa halina jina. Matukio mapya huingia humo, na programu ikifungwa hupotea. Dalili yake ni kwamba faili jipya haliongezeki ukubwa ingawa kazi inaendelea. Kwa sababu hiyo programu inayoandika husimamishwa kwanza.

Njia hii ina mpaka pia. Inategemea alama za mwisho wa mstari. Faili la gigabaiti 12 lisilo na alama hata moja ni mstari mmoja tu kwa `sed`, na italipakia lote kwenye kumbukumbu. Mwendeshaji wa utepe hakukutana na shida hiyo, kwa kuwa rekodi zake zilikuwa na urefu uliopangwa tangu mwanzo. Lakini katika jambo la kuweka la zamani kando mpaka jipya lihakikiwe, utaratibu wake ungali unatufaa.