Luteni Reitz, ndege za Port Reitz na hotuba isiyosikika

Nilipoalikwa kutoa hotuba kuu katika hafla ya walimu na wazazi hapa Port Reitz, nilifanya kile ambacho wengi wetu tuliosoma historia hufanya. Niliandika insha. Ilikuwa na utangulizi, hoja, hitimisho na tarehe kumi na tisa. Mada yenyewe ilikuwa jina la mahali tulipo, kwani watu wengi hulitamka jina la Reitz kila siku kwa kondakta wa matatu bila kujua alikuwa nani.

Siku mbili kabla ya hafla nilimsomea mama yangu mkubwa insha hiyo. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyo Reitz alikufa hapa au alirudi kwao?" Nikashtuka. Nilikuwa nimeshasema kwamba alikufa. Nilirudi nikatafuta pale niliposema, nikakuta sentensi hii:

"Luteni John James Reitz, ambaye aliachwa na Kapteni Owen mjini Mombasa mwezi Februari 1824 kuwa msimamizi wa himaya ambayo ilikuwa imeombwa na Liwali Suleiman bin Ali kwa kuhofia mashambulizi ya Sayyid Said wa Omani, alifariki mwishoni mwa Mei mwaka huo huo kutokana na homa aliyoipata katika safari ya kuelekea Pangani."

Ukiisoma gazetini, haina kosa. Lakini hebu isome kwa sauti. Kati ya Reitz na kitenzi "alifariki" pana maneno thelathini, na ndani yake wamepita wanaume wengine watatu: Owen, Suleiman na Sayyid Said. Hapo ndipo sarufi yetu inapomtega msemaji. Kiambishi "a-" humtaja yeyote wa ngeli ya A-WA. Sikio likifika kwenye "alifariki", hao wanne wote wanakifaa kitenzi hicho. Msomaji hurudisha jicho nyuma akamtafuta mwenye kitenzi. Msikilizaji hana pa kurudi. Na hapa kwetu kuna tatizo la ziada: uwanja wa ndege wa Moi uko jirani. Ndege ikipita juu ya paa, sentensi nzima inakwenda nayo.

Basi nilikaa chini usiku ule nikaifumua insha. Kazi ya kwanza ilikuwa kulirudisha jina kila mahali ambapo "a-" ingeweza kuwa ya mtu mwingine. Ya pili ilikuwa kuziondoa "ambaye" na "ambayo", nikakiachia kiambishi "-ka-" kazi ya kupanga matukio, maana "-ka-" humwambia msikilizaji kwamba hili limefuata lile, bila maelezo zaidi. Sentensi ile ikawa hivi:

"Turudi mwaka 1824. Wamazrui waliitawala Mombasa. Wamazrui walimhofia Sayyid Said wa Omani. Kwa hiyo Wamazrui wakamwomba Mwingereza ulinzi. Kapteni Owen akakubali. Owen akamwacha kijana wake mmoja hapa, Luteni Reitz. Owen akaondoka. Reitz akabaki. Reitz akaenda safari ya Pangani, akapata homa, akafa. Alikuwa hajamaliza hata miezi minne. Reitz akafa, jina likabaki."

Hesabu: sentensi ya zamani ina maneno hamsini, na hii mpya pia ina hamsini. Sikuongeza urefu wowote, ila "Wamazrui" wametajwa mara tatu mfululizo. Mwalimu wa insha angelipigia mstari mwekundu jambo hilo. Kwa msikilizaji, kila "Wamazrui" ni mkono unaomshika asipotee. Nililipia pia: jina la Suleiman bin Ali lilitoka, na tarehe kumi na tisa zikabaki tatu tu, yaani 1824, 1826 na 1837. Aliyetaka zaidi nilimpa insha yenyewe baada ya hafla.

Kazi ya tatu ilikuwa kuweka vibao vya njiani. Katika insha, kichwa kidogo na aya mpya huonekana. Katika hotuba havionekani, sharti vitamkwe. Nilisema mwanzoni: "Nina mambo matatu. La kwanza, Reitz alikujaje? La pili, himaya yake ilikufaje? La tatu, kwa nini jina lilibaki?" Kila nilipovuka nilisema nimetoka wapi na naingia wapi: "Hilo ndilo la kwanza, alikujaje. Sasa la pili, himaya ilikufaje." Aliyekosa sentensi tano kwa sababu ya ndege alipata pa kuingilia tena. Lakini ukiahidi matatu, yawe matatu. Ukifika la nne, watu wanaanza kutazama saa.

Wapo wanaodhani mtindo huu ni wa warsha za kigeni. Pwani tumekuwa nao zamani. Katika barua na hotuba za wazee, baada ya salamu na dua, ilikuja "ama baadu", neno lililotokana na Kiarabu. Kazi yake ni kutangaza tu: salamu zimekwisha, sasa naingia kwenye shabaha. Khatibu wa Ijumaa naye huketi kidogo kati ya hotuba ya kwanza na ya pili. Msikitini hakuna asiyejua kwamba sehemu moja imekwisha, hata mtoto.

Kazi ya nne ndiyo iliyonisumbua zaidi: kurudia kwa makusudi. Nilichagua kibwagizo kimoja, "jina likabaki", nikakiweka mara tatu tu. Kwanza, pale Reitz alipokufa. Pili, pale Emery, Luteni aliyekuja kusimamia baadaye, alipoondoka 1826, maana serikali ya London haikukubali mpango wa Owen: himaya ikafa, jina likabaki. Tatu, 1837, Sayyid Said alipoushika mji na utawala wa Wamazrui ukaanguka: aliyeogopwa akaingia, walioomba ulinzi wakaondolewa, jina likabaki. Maneno ni yale yale, lakini kila mara uzito umeongezeka. Mara ya kwanza ni habari ya kijana aliyefariki. Mara ya tatu ni swali juu yetu: waliotawala mji wamepita, na kijana aliyekaa miezi isiyotimia minne, ambaye wapimaji wa Owen waliliandika jina lake kwenye ramani ya bahari, ndiye tunayemtaja kila asubuhi tukipanda gari.

Hapo ndipo pa kupimia kibwagizo. Kikija mara ya pili bila kubeba kitu kipya, kifute, maana hicho ni kujirudia tu. Katika rasimu yangu kilikuwa mara sita. Tatu zilikuwa mapambo, nikazitoa.

Nakiri kuna kilichopotea. Insha yangu ilieleza kwa uangalifu kwamba mkataba ule ulitaka biashara ya watumwa ikomeshwe na ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na ikapima nani alinufaika. Hoja hiyo haikuweza kuvumilia sentensi fupi fupi, nikaiacha kwenye karatasi. Si kila hoja hukubali kusemwa.

Siku ya hafla ndege zilipita mbili. Ya pili ilipita nikiwa kwenye 1837. Nikanyamaza hadi ikaishia, nikasema: "Sayyid Said akaingia. Wamazrui wakaondolewa." Kabla sijamalizia, safu ya nyuma walikokaa wazazi wakamalizia wenyewe: "Jina likabaki!" Mama mkubwa alikuwa miongoni mwao.