UZI: Una 18, lakini kwa kalenda gani?

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, kwenye midahalo utasikia mtu akisema vijana wa Garissa, Wajir na Mandera hawajiandikishi kupiga kura, kisha wanalalamika. Mwingine anajibu kwamba serikali inawanyima haki. Kabla hamjagombana, hebu tufanye hesabu ndogo ya miaka 18. Ina historia ndefu huku kwetu.

2/ Mpaka 1974, Mkenya alihitaji miaka 21 kupiga kura. Mwaka huo katiba ikarekebishwa, umri ukashuka hadi 18. Kwa mtu aliyezaliwa hospitalini Nairobi hilo lilikuwa jambo rahisi: unatoa cheti cha kuzaliwa, unahesabu. Kwa mfugaji wa huku, aliyezaliwa malishoni na ambaye mamake anakumbuka mvua ya Gu au mwaka wa ukame fulani, 18 ilikuwa swali la kujibiwa na chifu na wazee.

3/ Halafu 18 ikapata uzito mwingine. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali Wakenya waliofikisha umri huo wachujwe upya kuthibitisha uraia, na waliopita wakapewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi. Yaani siku unayokuwa mtu mzima ndiyo siku unayoanza kuulizwa wewe ni wa wapi. Kadi ile ilipita, lakini kuchujwa na kamati wakati wa kuomba kitambulisho kuliendelea miaka mingi. Ni Februari 2025 tu ndipo serikali ilipotangaza kukuondoa.

4/ Sasa sheria yenyewe. Katiba ya 2010 inasema mtu mzima ni aliyefikisha miaka 18, na kila raia mtu mzima ana haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Lakini Sheria ya Uchaguzi inataka uwe umeshafikisha 18 unapojiandikisha, na uthibitishe kwa kitambulisho au pasipoti. Tena uandikishaji husimama siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa hiyo swali "utakuwa na 18 siku ya kura?" peke yake halitoshi.

5/ Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa 2027 ni tarehe 10 Agosti. Rudi nyuma siku 60, unafika 11 Juni. Aliyezaliwa 1 Julai 2009 atakuwa mtu mzima kabisa siku ya kura, lakini daftari litakuwa limefungwa kabla hajafikisha 18. Aliyezaliwa 1 Juni 2009 ana siku kama kumi tu za kuomba kitambulisho, kukipata na kujiandikisha. Mahali ambapo kadi huchukua wiki kadhaa, huyo naye ameachwa.

6/ Sasa mfano wa nyumbani. Binamu yangu alizaliwa mwanzoni mwa Ramadhani, mwaka wa ukame wa 2009. Mama mdogo anasema, "Ramadhani ya 2027 anatimiza kumi na nane." Hajakosea! Kwa Hijria, Ramadhani hiyo inaanza karibu na 8 Februari 2027. Lakini Ramadhani ya 2009 ilianza karibu na 22 Agosti. Kwa kalenda ya serikali, binamu anafikisha 18 mwishoni mwa Agosti 2027, takriban wiki mbili baada ya kura.

7/ Tofauti inatoka wapi? Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kila mwaka unapungukiwa na siku kama 11 ukilinganisha na Miladia. Zidisha kwa 18, unapata karibu siku 196, miezi sita na nusu. Kwa hiyo mama anasema kweli, na karani anayemrudisha msichana naye anasema kweli. Lakini msichana akirudi nyumbani, kinachosimuliwa ni kwamba amenyimwa kwa sababu ni Msomali. Baada ya 1989, nani atawalaumu kwa kufikiri hivyo?

8/ "Si apelekwe hospitali apimwe umri?" Meno na mifupa ya mkono humpa daktari makadirio tu, na yanaweza kukosea kwa mwaka au zaidi. Hayawezi kutofautisha Juni na Agosti. Ndiyo maana kadi ya kliniki ya mtoto, yenye tarehe ya chanjo ya kwanza, ina nguvu kuliko kipimo chochote. Itafuteni mapema, na mhakikishe tarehe yake inalingana na ya cheti cha kuzaliwa na ya shule.

9/ Kwa hiyo mtu akikwambia vijana wa huku ni wavivu, muulize maswali mawili: walifikisha 18 kwa kalenda ipi, na kadi ilitoka lini? Na akikwambia kila anayerudishwa ameonewa, muulize hayo hayo.

Mwisho wa uzi. Binamu atapiga kura 2032, akiwa na karibu miaka 23.