Alama T na alama Z

Alama T hulinganisha msongamano wa mfupa wa anayepimwa na ule wa kijana mwenye afya. Alama Z, na ule wa watu wa umri na jinsia yake. Mwanamke aliyekoma hedhi husomewa T, na −2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Msichana husomewa Z.

Kosa la usomaji hujificha kiunoni. Tuseme bibi wa miaka 72 amepata L1 −2.8, L2 −2.6, L3 −2.7, lakini L4 −0.4. Wastani wa zote, takriban −2.1, unaficha ugonjwa. Ukitazama picha, L4 imeota vinundu vya uzee, na mashine huvihesabu kama mfupa. Pingili ya namna hiyo, inayopishana na jirani kwa zaidi ya 1.0, huondolewa. Zilizobaki zinasoma −2.7: osteoporosisi.