Kupanga Mtoano

Neno kupanga, litumikapo katika mashindano ya mtoano, halina maana ya kuandika majina mfululizo tu, bali ni kuziweka timu ratibani kwa kadiri ya nguvu zao, ili zile bora, maadamu zinashinda, zisikutane ila mwishoni. Zikiwa nane, ya kwanza hukabiliana na ya nane, ya nne na ya tano, na washindi wao wakakutana. Upande wa pili, ya pili hupambana na ya saba, ya tatu na ya sita. Jumla ya kila jozi ni 9, na wakubwa wakishinda wote, jumla ya kila nusu fainali ni 5. Asiyesadiki na ahesabu.

Wimbledon, ambako tangu 2001 hupangwa wachezaji 32 kati ya 128, wa kwanza na wa pili hutengwa nusu mbalimbali, lakini wa tatu na wa nne hupigiwa kura, kwani lau wangeganda mahali pamoja, wa nne ndiye angemwangukia wa kwanza daima. Ila ya mpango huu, nionavyo, imo katika orodha yenyewe: bingwa aliyekuwa majeruhi, cheo chake kikiwa kimeshuka, huingia bila nambari, na wa kwanza huweza kumkuta siku ya kwanza.