Tope, Kesingi na Kizuia-mfoko: Historia ya Vitu katika Uundaji wa Istilahi za Uchorongaji

Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi asilia katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, na mwaka 1982 ikagunduliwa nyingine katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara. Ugunduzi wa baadaye ulipewa majina ya Kiswahili: Ngamia huko Turkana nchini Kenya, Zafarani, Tangawizi na Pweza katika kina cha bahari ya Tanzania. Kiswahili kikaingia katika ramani za visima, ilhali vifaa vilivyomo ndani ya visima hivyo viliendelea, kwa sehemu kubwa, kuitwa kwa Kiingereza.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikabiliwa hasa na haja ya vitabu vya shule, na mizani yake ilikuwa usanifu wa maandishi. Sakafu ya mtambo wa kuchoronga inadai mizani ya pili: neno hutamkwa katikati ya kelele, na asikiaye hupaswa kutenda kabla ya kuuliza. Makala haya yanapima istilahi tatu kwa mizani hiyo, yakiongozwa na historia ya kila kitu kinachotajwa.

Istilahi ya kwanza ni tope. Inasimuliwa kwamba wachorongaji wa kisima cha Spindletop, Teksasi, kilichofoka Januari 1901, walishindwa na mchanga uliokuwa ukiporomoka kisimani, wakaswaga ng'ombe ndani ya bwawa ili maji yake yachafuke, kisha wakayasukuma chini. Udongo ukashika kuta za shimo. Tope la leo hutayarishwa kwa vipimo, na huongezwa madini mazito kama baraiti, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kulemea gesi iliyomo mwambani. Chukua kisima cha mfano chenye kina cha mita 2,000, ambacho mwamba wake una shinikizo la megapaskali 22. Maji matupu yangelemea kwa megapaskali 19.6 tu, na gesi ingeingia kisimani. Tope lenye uzito wa kilo 1.2 kwa lita hulemea kwa megapaskali 23.5, na gesi hutulia. Kwa hiyo neno tope lafaa kubaki, kwa sharti kwamba vipande vya mwamba vinavyopanda pamoja nalo viitwe chenga. Anayeambiwa "ondoa tope" huku akimaanishiwa chenga anaweza kuondoa kinga yenyewe ya kisima.

Istilahi ya pili huzua tatizo la kinyume. Bomba linalozungusha kekee ni bomba. Linalobaki kisimani na kushikizwa kwa uji wa saruji ili kukinga kuta nalo ni bomba. Tafsiri ya maelezo, yaani bomba la kukinga ukuta wa kisima, ni sahihi katika kamusi, lakini kazini hufupishwa, na kinachosalia ni "bomba" tu. Hapo lugha imefuta tofauti baina ya kifaa kitakachopandishwa na kile kisichopandishwa tena. Umbo la mkopo, kesingi, halina mshindani katika masikio ya mfanyakazi. Maelezo marefu na yabaki kuwa fasili yake.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 1922, huko Teksasi, James Abercrombie na Harry Cameron walibuni kifaa chenye taya za chuma za kuziba kinywa cha kisima. Tafsiri nyepesi ingekuwa "kizuia mlipuko". Lakini mlipuko huleta picha ya moto na kishindo, na anayeusubiri hatatambua kinachoutangulia. Kisima huanza kimya: tope linalorudi huzidi lililosukumwa, kiwango chake hupanda tangini, na pampu zikizimwa tope huendelea kutiririka. Dalili hizo zikionekana, taya hufungwa. Moto, ukitokea, ni matokeo ya gesi iliyokwisha kutoka na kukutana na cheche.

Kiswahili kina kitenzi kinachoeleza mwenendo huu: kufoka. Chungu hufoka baada ya povu kupanda, na mpishi hulitazama povu, hasubiri limwagike. Kutokana nacho hupatikana mfoko na kizuia-mfoko, na zile sehemu zinazofunga huitwa taya. Kasoro ya neno ni kwamba kufoka pia ni kukaripia kwa hasira. Hata hivyo, muktadha wa kisima huiondoa maana hiyo.

Istilahi hizi zimepatikana kwa njia tatu tofauti: neno la kawaida lililowekewa mpaka, neno la mkopo, na unyambuaji. Hakuna njia moja ambayo ingezitosheleza zote. Kamati ya istilahi ikilazimisha unyambuaji kila mahali, kesingi itapotea ndani ya bomba. Ikilazimisha mkopo kila mahali, mfanyakazi atapoteza picha ya chungu, nayo ndiyo inayomfundisha kutazama tangi kabla ya kutazama anga.